Jinsi ya kupima bei ya bidhaa mpya kwa tangazo dogo kabla ya kuizindua

Ukiwauliza marafiki kama watanunua bidhaa yako kwa 9,000, wengi watasema ndiyo ili wasikuvunje moyo. Njia ya uhakika zaidi ni kuonyesha tangazo la kulipia kwa watu wasiokujua, kila kundi na bei yake, halafu kuhesabu nani ametoa oda kweli.

Tuchukue mfano. Unatengeneza pilipili ya kukaanga Mbagala, Dar es Salaam. Kila chupa inakugharimu Sh4,000, ikiwemo chupa na lebo. Hujui uiuze 7,000 au 9,000. Tengeneza chupa 50 tu za majaribio.

Badilisha kitu kimoja tu

Andaa matangazo mawili ya Facebook na Instagram yanayompeleka mteja WhatsApp. Picha iwe ileile, maneno yaleyale, eneo na umri uleule. Kinachotofautiana ni bei pekee, na iandikwe wazi. Ukiandika "bei njoo inboksi" hutapima chochote.

Usiweke moja wiki hii na jingine wiki ijayo. Mwisho wa mwezi mshahara umeingia, tarehe 20 mifuko imekauka, kwa hiyo utakuwa unapima kalenda badala ya bei.

Pia usisponsa posti mbili kivyakevyake, maana mtu mmoja anaweza kuona bei zote mbili. Na ukiyaweka matangazo yote kwenye kundi moja, mfumo huwahi kusukumia pesa lile unaloona linafanya vizuri. Ndani ya Ads Manager tumia A/B test, ambayo hugawa watu ili kila mmoja aone tangazo moja tu.

Ujumbe unaojiandika mteja anapofungua WhatsApp uwe tofauti kwa kila tangazo, mfano "Nataka pilipili A" na "Nataka pilipili B". Hapo utajua nani ametokea wapi.

Hesabu oda, siyo laiki

Anayeuliza "bado ipo?" siyo oda. Oda ni mtu aliyetaja idadi, mahali alipo na siku ya kupelekewa.

Tuseme kila tangazo limekula Sh40,000 kwa siku 4, na kila mteja alichukua chupa moja:

- Bei 7,000: oda 24. Faida ya chupa 72,000, toa tangazo, inabaki 32,000.
- Bei 9,000: oda 17. Faida ya chupa 85,000, toa tangazo, inabaki 45,000.

Bei ya chini imeuza chupa nyingi, lakini ya juu imeacha pesa zaidi. Ili 7,000 iipite 9,000 hapa, ingehitaji oda 29.

Je, ni bahati tu?

Kuna hesabu ya haraka. Jumlisha oda zote: 24 + 17 = 41. Bonyeza alama ya √ kwenye kikokotoo cha simu, utapata kama 6.4. Zidisha kwa 2, inakuwa karibu 13. Tofauti ya oda zako ni 7 tu, haijafika 13. Maana yake huwezi kudai kwamba 7,000 inavuta wateja wengi zaidi, huenda imetokea tu.

Kwa hiyo rudia jaribio na ujumlishe oda za awamu zote. Ukilazimika kuamua sasa, anza na 9,000. Kushusha bei baadaye ni rahisi, kuipandisha huleta maneno.

Bei ikikaa sawa, pima maneno

Tuseme boda kumfikishia mteja ni Sh2,000. Tangazo moja liseme "Nunua 2, tunakuletea bure". Jingine, ambalo mteja analipia boda mwenyewe, liseme "Nunua 2, punguzo 2,000". Gharama kwako ni ileile, hivyo oda zikitofautiana sana, kilichofanya kazi ni maneno.

Angalia haya

Mteja akilalamika kwamba jirani yake ameonyeshwa 7,000, mpe naye 7,000 na usimhesabu kwenye jaribio. Usipokee pesa ya chupa ambayo bado hujaitengeneza. Mwambie tarehe ya kuipata, alipe ikimfikia. Kisha fuatilia oda ngapi zimelipwa kweli, maana upande wenye oda nyingi ndio unaweza kuwa na wengi wasiopokea simu boda akifika.

Na majibu haya ni ya wanunuzi wa mtandaoni. Mwenye duka anayetaka katoni nzima naye anahitaji faida yake, kwa hiyo bei yake ya jumla haiwezi kutoka kwenye jaribio hili.