Kihenge Kilichohamia Chumbani

Kati ya Januari na Julai 2004, watu 317 waliugua katika wilaya za mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, na 125 kati yao wakafa. Ini ndilo lililoharibika. Chanzo kilikuwa sumukuvu, sumu inayotokana na kuvu inayoota kwenye mahindi yenye unyevu. Watafiti walipolinganisha waliougua na wenzao wa vijiji hivyohivyo ambao hawakuugua, tofauti moja iliyojitokeza ilihusu mahali pa kuhifadhia: waliougua ndio zaidi waliokuwa wameweka mahindi mabichi ndani ya nyumba badala ya ghalani.

Matokeo hayo yanastahili kusomwa pamoja na historia ya ghala lenyewe, kwa sababu wakulima wa eneo letu walikuwa wamelitatua tatizo la unyevu muda mrefu kabla ya bati na saruji. Dero ya Wajaluo, ikumbi ya Wakikuyu na vihenge vya bara la Tanzania vinatofautiana kwa umbo, lakini vimejengwa kwa mpango unaofanana. Kapu kubwa la fito linasimama juu ya mawe au nguzo, linapitisha upepo ubavuni, na paa la nyasi limetokeza nje ili mvua isipige kuta. Si Afrika peke yake. Varro, Mrumi aliyeandika juu ya kilimo katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliyataja maghala ya Hispania na Apulia yaliyoinuliwa shambani ili upepo uingie madirishani na pia upite chini ya sakafu.

Sakafu inainuliwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba udongo hutoa unyevu hata pale unapoonekana mkavu, na gunia lililolazwa chini huunyonya na kuanza kuoza kutokea tako lake. Ya pili ni panya. Kihenge cha mawe mafupi kilizuia unyevu vizuri, ila panya alikirukia bila shida, na kwa kweli hapo ndipo kihenge cha zamani kilikuwa dhaifu.

Udhaifu huo ulishughulikiwa katika miaka ya 1970, pale mradi wa FAO uliofadhiliwa na Denmaki, wenye kituo chake Ibadan nchini Nijeria, ulipolifanyia majaribio ghala la mahindi ya magunzi na kutoa vipimo ambavyo mabwana shamba wamevifundisha tangu wakati huo. Wengi wetu tunaliita kichanja. Sakafu yake iko karibu meta moja kutoka ardhini, juu kuliko panya anavyoweza kuruka. Kila nguzo huvikwa bati laini, ama lililozungushwa kama bomba au lililokunjwa kama faneli iliyopinduliwa, chini kidogo ya sakafu, ili panya anayepanda ateleze. Bati hilo halina kazi yoyote ikiwa ngazi imeachwa imeegemea, tawi la mti limegusa paa, au magunia yamerundikwa pembeni. Panya akiingia kwenye kichanja chenye bati, tafuta daraja lake kabla ya kulaumu bati.

Kipimo muhimu kuliko vyote ni upana, na ndicho wajenzi wengi hukivunja. Kichanja hukausha kwa upepo unaopita kati ya gunzi na gunzi, na upepo huo huishiwa nguvu kadiri unavyosafiri ndani ya rundo. Ndiyo maana sehemu zenye unyevunyevu mwingi upana haupaswi kuzidi sentimeta 60. Penye ukavu wa wastani unaweza kufika meta moja, na penye kiangazi kirefu meta moja na nusu. Ubavu mrefu unaelekezwa kule upepo unakotoka, na karibu nusu ya ukuta huachwa wazi. Mkulima mwenye mavuno makubwa asipanue kichanja. Akirefushe.

Tuchukue kaya ya sehemu yenye mvua nyingi inayotarajia magunia kumi ya kilo 100. Kichanja chenye upana wa sentimeta 60 na kimo cha ujazo cha meta 1.7 hubeba takriban meta moja ya ujazo katika kila meta ya urefu, na humo hupatikana kama magunia matatu ya punje kavu. Urefu wa meta tatu na nusu unatosha. Mahindi yaliyomenywa huingia yakiwa na unyevu wa asilimia 30 hivi na kushuka taratibu hadi karibu asilimia 13 au 14, bila mkulima kuyaanika na kuyaanua kila wingu linapotanda.

Mpango huu ulipata pigo kutoka Tabora. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wakulima wa huko walianza kulalamikia mdudu mgeni, na mwaka 1981 wataalamu walimtambua. Ni mzaliwa wa Meksiko na Amerika ya Kati, na inaaminika aliletwa na mahindi kutoka nje. Tukamwita dumuzi, na wengine wakamwita Skania. Mwaka 1983 alikuwa ameshaonekana Taveta, upande wa Kenya. Fukusi tuliyemzoea hupunguza akiba polepole, lakini dumuzi huisaga. Uchunguzi wa Tabora ulikuta baadhi ya maghala yamepoteza kama theluthi ya uzito wa mahindi kwa miezi michache. Utamjua kwa unga mwingi unaobaki chini, matundu ya mviringo yaliyokatwa safi, na umbo lake la milimeta tatu au nne ambalo nyuma ni kama limekatwa kwa kisu.

Tatizo ni kwamba dumuzi hupenda mahindi yakiwa bado kwenye gunzi, kwani punje zilizoshikana humpa mahali pa kujishikiza anapotoboa. Tena hutoboa mbao, kwa hiyo fito za ghala humhifadhi hadi mavuno mengine. Upepo haumsumbui. Ushauri uliotolewa ulikuwa sahihi: pukuchua mapema, changanya punje na dawa ya unga, weka kwenye magunia. Baadaye ikaja mifuko isiyopitisha hewa, ambamo wadudu hufa kwa kukosa oksijeni.

Lakini magunia ni rahisi kuibwa, hivyo yakaingia chumbani, na katika vijiji vingi ghala la nje likaachwa lioze. Tulichopoteza hapo ni hatua ya kukausha. Punje zilizopukuchuliwa hujibana kiasi kwamba upepo haupenyi, na mfuko usiopitisha hewa huzuia unyevu kutoka kama unavyozuia mdudu kuingia. Dawa ya unga nayo haiui kuvu. Kwa maoni yangu kosa halikuwa kuleta mifuko, bali kuifundisha kana kwamba inachukua nafasi ya kichanja, ilhali kila kimoja kina wakati wake. Kichanja ni cha wiki na miezi ya kukauka, mfuko ni wa miezi ya kusubiri, na dumuzi akionekana mapema muda wa kichanja unafupishwa na mahindi yanamaliziwa kukauka juani kwenye turubai.

Kabla ya kufunga mfuko, chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia punje hadi robo yake, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga na utikise kwa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15, na mahindi hayo yarudi juani.