Kapsheni za bidhaa kwa modeli ya lugha

Kapsheni ya bidhaa ni maandishi mafupi yanayokaa chini ya picha ya kitu kinachouzwa mtandaoni. Modeli ya lugha inaweza kuyaandika yenyewe kutokana na orodha ya bidhaa ya duka. Maandishi hayo hukaguliwa ukweli na sauti ya chapa, ndipo yanapoingizwa kwenye foleni ya kuchapishwa. Makala hii inafuata korosho za Kilwa, kwa kuwa zinaonyesha vizuri mahali modeli inapoteleza.

Tuchukue mfano wa duka la Kilwa Masoko linalouza korosho zilizobanguliwa. Mstari mmoja wa orodha yake unaweza kuwa hivi:

```
bidhaa: korosho zilizobanguliwa, hazijakaangwa
daraja: W320
uzito_g: 500
asili: Kilwa
```

Modeli hupewa mstari huo pamoja na maelekezo na kapsheni tano au sita ambazo mwenye duka aliziandika kwa mkono wake. Kapsheni hizo zina nguvu kuliko maelekezo. Ukiiambia modeli iandike kwa uchangamfu, itachangamka kwa namna yake. Ikiona jinsi duka linavyowakaribisha wateja, itafuata mwendo huo.

Kosa la kwanza hutokea kwenye daraja. Katika biashara ya korosho, W320 ni punje nyeupe nzima ambazo ratili moja, yaani kama gramu 454, huwa na punje 300 hadi 320. W180 ni punje kubwa zaidi, kwa hiyo namba ikipanda punje inakuwa ndogo. Modeli isiyoelezwa hayo inaweza kuandika “pakiti ya gramu 320”. Wengi huweka ukaguzi wa namba kama huu:

```python
ziada = set(re.findall(r"\d+", kapsheni)) - set(re.findall(r"\d+", mstari))
```

Ukaguzi huu unakamata namba iliyobuniwa, kwa mfano bei ambayo haimo kwenye orodha. Lakini 320 imo kwenye mstari, kwa hiyo kosa linapita. Dawa yake iko kwenye orodha yenyewe: ongeza sehemu inayosema “punje nzima, ukubwa wa kati”, na uiagize modeli isitaje daraja kwa namba kabisa.

Kosa la pili ni gumu zaidi, maana halina namba. Neno “Kilwa” kwenye maandishi ambayo modeli imefunzwa nayo huandamana na magofu, masultani na Ibn Battuta aliyefika mwaka 1331. Basi sehemu ya `asili` pekee inatosha kuzaa sentensi kama “korosho zilizopendwa na masultani wa Kilwa”. Mkorosho asili yake ni Brazili, na Wareno ndio walioufikisha pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 16, zaidi ya karne moja na nusu baada ya ziara hiyo. Sentensi inasomeka vizuri, na ndiyo sababu ni ya hatari: msomaji mwenye haraka ataipitisha. Mkaguzi anapaswa kuichukua kila sentensi na kuuliza imetoka sehemu gani ya mstari. Isiyo na sehemu hufutwa. Kwa kipimo hichohicho huondoka “zinatibu presha”, “zimethibitishwa na TBS” na “moja kwa moja kutoka kwa mkulima”, hata kama moja kati ya hayo ni kweli. Likiwa kweli, liandikwe kwanza kwenye orodha.

Sauti ya chapa hukaguliwa baada ya ukweli. Orodha ya maneno yaliyokatazwa inasaidia kidogo. Kinachofichua zaidi ni Kiswahili kilichofuata Kiingereza: “inua ladha yako”, “jipatie uzoefu wa korosho”. Mtu wa Kilwa hauzi hivyo. Atasema korosho ni mpya, ni nzima, karibuni. Modeli ya pili inaweza kupewa kazi ya kulinganisha rasimu na kapsheni za zamani, lakini nayo huvutiwa na misemo hiyohiyo, kwa hiyo neno la mwisho linafaa liwe la mtu anayeuza. Asome kwa sauti. Sentensi asiyoweza kumwambia mteja aliyesimama mbele yake irudi kuandikwa upya.

Kwenye foleni, saa ndiyo huleta taabu. Muuzaji akiandika “saa 2 usiku”, programu inaweza kuielewa kuwa 02:00, wateja wakiwa wamelala, ilhali alikusudia 20:00, ambayo kwa saa za UTC ni 17:00. Foleni ihifadhi saa kwa mfumo wa saa 24 pamoja na `+03:00`. Kwa Instagram, chapisho linaloandaliwa kupitia `/media` huisha muda baada ya saa 24 lisipochapishwa kwa `/media_publish`. Hivyo foleni hutunza maandishi na picha, na chapisho huandaliwa karibu na wakati wake. Hapo ndipo mstari wa bidhaa husomwa tena: ukiwa umebadilika au mzigo umekwisha, kapsheni husimamishwa na kurudishwa kwa mkaguzi.