Mafuta Endelevu ya Ndege: Yanavyotofautiana na Mafuta ya Kawaida, na Sababu za Kuwekewa Kikomo cha Mchanganyiko

Mwezi Mei 2023, ndege ya Shirika la Ndege la Kenya aina ya Boeing 787 iliruka kutoka Nairobi kwenda Amsterdam ikiwa na mafuta yaliyochanganywa na mafuta endelevu, yajulikanayo kwa kifupi kama SAF. Sehemu endelevu ya mafuta hayo ilitoka kwa kampuni ya nishati ya Eni ya Italia. Katika taarifa za safari za namna hiyo, jambo moja hujitokeza mara kwa mara: mafuta endelevu hayajazwi peke yake, bali huchanganywa na mafuta ya kawaida, na kanuni za kimataifa haziruhusu sehemu yake ipite asilimia 50.

Kikomo hicho mara nyingi hufikiriwa kuwa ni dalili kwamba mafuta endelevu ni dhaifu au kwamba injini haziwezi kuyachoma vizuri. Sivyo. Injini huyachoma vizuri, tena kwa masizi machache zaidi. Kikomo kimewekwa kwa sababu mafuta hayo ni safi kupita kiasi: yamekosa baadhi ya vitu ambavyo ndege zilizopo zilibuniwa zikivitegemea.

Mafuta ya kawaida ya ndege

Mafuta yanayotumiwa na ndege nyingi za abiria duniani huitwa Jet A-1. Ni ndugu wa karibu wa mafuta ya taa yanayotumika majumbani, ila husafishwa na kupimwa kwa masharti makali zaidi. Hayapaswi kuanza kuganda kabla ya nyuzijoto 47 za Selsiasi chini ya sifuri, kwa kuwa angani juu baridi ni kali. Lita moja ya mafuta hayo, ikipimwa katika nyuzijoto 15, inapaswa kuwa na uzito usiopungua gramu 775 na usiozidi gramu 840.

Mafuta hayo si kitu kimoja, bali ni mchanganyiko wa mamia ya haidrokaboni. Baadhi yake ni minyororo ya kaboni, mingine iliyonyooka na mingine yenye matawi. Nyingine, ziitwazo aromatiki, zina kaboni zilizojifunga katika umbo la duara. Aromatiki hutoa masizi mengi zinapoungua, na kwa sababu hiyo haziruhusiwi kuzidi takriban robo ya ujazo wa mafuta. Hata hivyo, kama itakavyoonekana, zina kazi ambayo haikutambuliwa kwa uzito wake hadi pale zilipokosekana.

Jinsi mafuta endelevu yanavyotengenezwa

Zipo njia kadhaa zilizoidhinishwa, lakini iliyoenea zaidi kwa sasa ni ile iitwayo HEFA, iliyoidhinishwa mwaka 2011. Malighafi yake ni mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika, mafuta ya wanyama kutoka machinjioni, na mafuta ya mbegu. Nchini Kenya, katika Kaunti ya Makueni, kiwanda kilichoanza kazi mwaka 2022 hukamua mbegu zikiwemo za mbarika, pamba na mti wa krotoni, na mafuta yake husafirishwa kwenda Italia kusindikwa.

Mafuta ya mimea na ya wanyama yana oksijeni ndani yake, na kwa hiyo hayafai kuingia moja kwa moja katika tangi la ndege. Kiwandani, hupitishwa pamoja na gesi ya haidrojeni katika joto na kanieneo kubwa, penye kichocheo. Oksijeni hutolewa, na kinachobaki ni minyororo mirefu ya kaboni iliyonyooka. Minyororo hiyo huganda mapema, kama nta ya mshumaa. Hivyo hatua ya pili huikata iwe mifupi na kuipa matawi, hadi mafuta yanapoweza kustahimili baridi ya angani.

Ni muhimu kutochanganya mafuta hayo na dizeli ya mimea inayotumika katika baadhi ya magari. Dizeli hiyo bado ina oksijeni na huganda kwa urahisi. Ikipatikana ndani ya mafuta ya ndege, hata kwa kuachwa kidogo katika bomba au meli iliyoibeba awali, huhesabiwa kuwa uchafu, na haipaswi kuzidi miligramu 50 katika kila kilo ya mafuta.

Manufaa ya mafuta endelevu kwa mazingira hayapo katika moshi unaotoka kwenye injini. Kilo moja ya mafuta ya ndege ikiungua hutoa takriban kilo 3.16 za hewa ya ukaa, na kiasi cha mafuta endelevu kinakaribiana na hicho. Tofauti ni kwamba kaboni iliyomo katika mafuta ya mbegu ilivutwa na mmea kutoka angani miaka michache tu iliyopita, ilhali ile ya petroli ilikuwa imefukiwa ardhini kwa mamilioni ya miaka.

Kinachokosekana

Mafuta ya HEFA yakishakamilika huwa karibu hayana aromatiki kabisa, na hapo ndipo penye chanzo cha kikomo.

Katika mfumo wa mafuta wa ndege kuna sili nyingi, yaani vipande vya mpira vinavyoziba maungio ya mabomba, pampu na vali. Baadhi ya aina za mpira hufyonza aromatiki na kuvimba kidogo, na uvimbe huo ndio unaokaza maungio. Sili iliyozoea mafuta ya kawaida kwa miaka, kisha ikapewa mafuta yasiyo na aromatiki, husinyaa, na mafuta yanaweza kuanza kuvuja. Hatari huwa kubwa zaidi katika ndege za zamani, ambazo mpira wake umekwisha kukakamaa.

Jambo la pili ni uzito. Lita moja ya HEFA tupu huwa na gramu 730 hadi 772, yaani chini ya kiwango cha gramu 775 kinachotakiwa. Kilo moja ya mafuta hayo ina nishati kubwa kidogo kuliko kilo ya mafuta ya kawaida, lakini lita moja ina nishati ndogo zaidi. Kwa ndege inayoondoka ikiwa imejaza matangi yote, tofauti hiyo hupunguza umbali inaoweza kufika. Aidha, vipimo vya mafuta ndani ya matangi vilisanifiwa kwa kutegemea tabia za umeme na uzito za mafuta ya petroli.

Kwa hiyo kanuni ya kimataifa ya mafuta ya aina hii, ASTM D7566, inaweka masharti mawili kwa pamoja. Sehemu ya HEFA isizidi asilimia 50, na mchanganyiko uliokamilika uwe na aromatiki zisizopungua asilimia 8. Baadhi ya njia nyingine za kutengeneza mafuta endelevu zimewekewa kikomo cha asilimia 10 tu, kwa kuwa mafuta yake hayana mchanganyiko mpana wa haidrokaboni kama ule wa Jet A-1.

Uzoefu wa Afrika Kusini

Kikomo cha asilimia 50 hakikuanza na mafuta endelevu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kampuni ya Sasol ya Afrika Kusini iliidhinishiwa kuchanganya mafuta yaliyotengenezwa kutokana na makaa ya mawe na mafuta ya petroli, kwa ajili ya ndege zinazojaza mafuta Johannesburg. Mafuta hayo hayakuwa rafiki wa mazingira, lakini yalikuwa na upungufu uleule wa aromatiki, na yalipewa kikomo hicho hicho. Mwaka 2008, kampuni hiyo iliidhinishiwa mafuta yaliyotokana na makaa ya mawe peke yake, bila petroli, baada ya kuweka ndani yake aromatiki zilizotokana na makaa hayo. Kinachoangaliwa, basi, ni yaliyomo ndani ya mafuta, wala si asili yake.

Asilimia 50 ni dari, si haki

Mfano mmoja wa hesabu unaonyesha jinsi masharti hayo yanavyofanya kazi. Chukua mafuta ya HEFA yenye gramu 760 kwa lita na yasiyo na aromatiki. Yakichanganywa nusu kwa nusu na Jet A-1 yenye gramu 800 kwa lita na aromatiki asilimia 18, matokeo ni gramu 780 na aromatiki asilimia 9. Mchanganyiko huo unapita katika vipimo hivyo viwili.

Sasa chukua Jet A-1 nyingine, nayo ikiwa halali kabisa, yenye gramu 785 na aromatiki asilimia 14. Nusu kwa nusu inatoa gramu 772.5 na aromatiki asilimia 7. Mchanganyiko huo unashindwa katika vipimo vyote viwili. Ili upite, sehemu ya HEFA lazima ipunguzwe hadi asilimia 40, ambapo uzito unafika gramu 775 kamili na aromatiki zinakuwa asilimia 8.4. Hivyo kikomo halisi cha kila shehena hutegemea mafuta ya petroli yaliyopo ghalani.

Uchanganyaji wenyewe nao una hatari yake. Kwa kuwa HEFA ni nyepesi, inaweza kuelea juu ya mafuta ya kawaida ikiwa tangi halikukorogwa vya kutosha. Ndiyo maana sampuli huchukuliwa juu, katikati na chini ya tangi. Tofauti ya uzito ikizidi gramu 3 kwa lita, tangi huhesabiwa kuwa halijachanganyika. Baada ya vipimo vyote kukamilika, shehena hupewa cheti na kuanzia hapo huhesabiwa kuwa Jet A-1 ya kawaida. Mhudumu anayejaza ndege hahitaji bomba wala gari tofauti.

Safari bila mafuta ya petroli

Novemba 28, 2023, ndege ya Virgin Atlantic aina ya Boeing 787 iliruka kutoka London hadi New York bila mafuta ya petroli. Ilipewa kibali maalumu cha mara moja na haikubeba abiria waliolipa nauli. Mafuta yake yalikuwa asilimia 88 ya HEFA na asilimia 12 ya aromatiki zilizotengenezwa kutokana na sukari ya mimea. Wahandisi hawakupuuza sababu ya kikomo, bali walirudisha kile kilichokosekana.

Kikomo na kima cha lazima

Wananchi wanaofuatilia matangazo ya usafiri wa anga watakutana na asilimia za aina mbili. Umoja wa Ulaya umewataka wasambazaji wa mafuta katika viwanja vyake kufikisha sehemu ya SAF ya asilimia 2 kuanzia 2025, asilimia 6 ifikapo 2030 na asilimia 70 ifikapo 2050. Hicho ni kima cha chini kilichowekwa na sheria kwa ajili ya mazingira. Asilimia 50 ni kima cha juu kilichowekwa na wahandisi kwa ajili ya usalama. Kwa sasa viwili hivyo viko mbali, lakini lengo la 2050 limekwisha kupita kikomo cha leo. Ili lifikiwe, itabidi ama mafuta endelevu yapatiwe aromatiki zake yenyewe, ama ndege zijengwe kwa sili na vipimo visivyozihitaji.