Haki ya mfanyakazi kununua hisa katika kampuni changa

Haki ya kununua hisa ni ahadi ya maandishi ambayo kampuni humpa mfanyakazi wake: akitaka, anaweza kununua hisa kadhaa kwa bei iliyopangwa siku ya ahadi, hata zikiwa zimepanda bei. Faida yake ni tofauti kati ya bei hiyo na ile atakayouzia. Kwa kawaida hutolewa na kampuni ambayo haina fedha za kulipa mishahara mikubwa.

Mtindo ulioenea ulianzia Marekani. Haki huiva kwa miaka 4, na mwaka wa kwanza mfanyakazi hapati chochote mpaka utimie. Siku hiyo robo nzima huiva kwa mkupuo, kisha iliyobaki huiva mwezi baada ya mwezi, hivyo anayeondoka mwezi wa 11 huondoka mikono mitupu. Mtindo huu umefika Afrika Mashariki pia, kwa kuwa kampuni changa nyingi za Nairobi zinazotafuta wawekezaji wa Marekani husajili kampuni mama katika jimbo la Delaware.

Barua ya ajira hutaja idadi ya hisa, na idadi hiyo peke yake haisemi kitu. Hisa 20,000 ni nyingi ikiwa kampuni ina hisa milioni 1, na ni chache mno ikiwa ina milioni 500. Kwa hiyo la kwanza kuuliza ni jumla ya hisa zote, pamoja na zile zilizoahidiwa ambazo bado hazijanunuliwa. Jumla hiyo nayo huongezeka kila mwekezaji mpya anapoingia, na sehemu ya mfanyakazi hupungua.

Jambo zito zaidi ni nani hulipwa kwanza. Wawekezaji hupewa hisa za upendeleo, wafanyakazi hisa za kawaida. Kampuni ikiuzwa, kwa kawaida mwenye hisa za upendeleo huchagua: arudishiwe mtaji wake kabla ya wengine, au azigeuze hisa zake ziwe za kawaida na agawiwe sawa na wote.

Tuchukue kampuni ya kubuni yenye hisa milioni 10. Wawekezaji wameingiza dola milioni 30 na wana asilimia 40 ya hisa. Mfanyakazi ana haki ya kununua hisa 20,000 kwa dola 1 kila moja. Kampuni inauzwa kwa dola milioni 40. Ukigawa kwa hisa zote, kila hisa ni dola 4, na mfanyakazi anajiona ana faida ya dola 60,000. Lakini asilimia 40 ya bei hiyo ni dola milioni 16 tu, kwa hiyo wawekezaji watachukua milioni 30 zao kwanza. Zinabaki milioni 10 kwa hisa milioni 6, yaani kama dola 1.67 kwa hisa. Akitoa bei ya kununulia, mfanyakazi anabaki na takriban dola 13,300 kabla ya kodi. Kampuni ikiuzwa kwa milioni 30, hapati hata senti. Ni mpaka bei ipite milioni 75 ndipo wawekezaji wanapopata zaidi kwa kugeuza hisa zao, na hapo tu hesabu ya kugawa sawa inakuwa ya kweli.

Yaliyotokea Good Technology ya Kalifonia yanafanana na hayo. Thamani yake iliwahi kukadiriwa kuwa zaidi ya dola bilioni 1, lakini mwaka 2015 BlackBerry iliinunua kwa dola milioni 425. Hisa ya kawaida ililipwa senti 44, ilhali kabla ya hapo ilikadiriwa kuwa zaidi ya dola 4. Baadhi ya wafanyakazi walikuwa wameshalipa kodi kwa makadirio yale ya juu.

Ndiyo maana thamani inayotangazwa magazetini si kipimo cha hisa za mfanyakazi. Hupatikana kwa kuzidisha hisa zote kwa bei aliyolipa mwekezaji wa mwisho, kana kwamba hisa za kawaida nazo zina kinga ile ile. Kipimo bora ni kiasi cha mtaji chenye haki ya kulipwa kwanza, na iwapo ni mara moja ya ulioingizwa au mara 2. Kampuni ikikataa kumjibu maswali haya mtu inayetaka apunguziwe mshahara kwa ajili ya hisa, haki hizo zihesabiwe kuwa sifuri wakati wa kujadili mshahara.

Kipengele kinachosahaulika ni cha kuondoka. Mikataba mingi humpa anayeacha kazi siku 90 tu za kununua hisa zilizoiva. Katika mfano wetu lazima atafute dola 20,000 ndani ya muda huo, na pengine kodi juu yake, kwa hisa ambazo huenda hazina soko kwa miaka mingi. Akishindwa, haki hurudi kwa kampuni. Zipo kampuni zilizorefusha muda huo hadi miaka kadhaa, na ni jambo la kuomba kabla ya kutia saini.