Dole Gumba, Prokurasyo na Namba ya Siri: Msaidizi wa Mteja katika Benki za Katanga

Reli iliyotoka Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ilifika Kambove mwaka 1913, na mshahara wa mchimbaji ulikuja kwa njia ileile iliyochukua shaba. Benki ilikuwako Katanga tangu mapema. Banque du Congo Belge iliundwa mwaka 1909, miaka mitatu tu baada ya Union Minière. Hata hivyo, kwa muda mrefu mfanyakazi asiyejua kusoma hakuwa na shughuli nayo, kwani fedha alilipwa mkononi. Ni mwaka 1950, ilipoanzishwa Benki ya Akiba ambayo baadaye ilijulikana kama CADECO, ndipo akiba ya watu wa kawaida ilipopewa chombo chake. Swali lililozuka hapo si dogo: mtu asiyeweza kusoma kilichoandikwa juu ya fedha zake huzilindaje?

Jibu la kisheria lilikuwapo zamani kuliko benki yenyewe. Dikrii ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo imeendelea kuwa msingi wa sheria ya madeni nchini Kongo, inamruhusu mtu kumpa mwingine uwezo wa kutenda jambo kwa niaba yake. Hati yake ndiyo prokurasyo. Aliyepewa uwezo hawi mwenye mali. Anapaswa kutoa hesabu ya alichokifanya, na uwezo wake hukoma anapoondolewa na aliyemtuma au mmoja wao anapofariki. Jambo la dole gumba ni gumu zaidi. Katika mapokeo ya sheria ya Ubelgiji, alama ya kidole haihesabiwi kuwa sahihi kamili katika hati ya watu binafsi. Kwa hiyo mtu asiyeweza kusaini huelekezwa kwa mthibitishaji wa serikali, au huweka kidole mbele ya mashahidi. Kidole huthibitisha ni nani aliyekuwapo, lakini hakithibitishi kwamba alielewa alichosomewa.

Chukuliwe mfano wa kubuni: mzee mstaafu wa Kambove ambaye macho yake yameingia mtoto wa jicho, na anayetaka binti yake amchukulie fedha benki huko Likasi. Mzee hana budi kufika mwenyewe mara ya kwanza, pamoja na kitambulisho chake. Karani mwangalifu atamsomea hati kwa Kiswahili, binti akiwa amekaa kando, kisha atamwomba mzee aeleze kwa maneno yake mwenyewe ni uwezo gani anaoutoa. Hapo ndipo hutambulikana kama mzee anamtuma binti, au binti ndiye anayemtuma mzee. Hati nzuri hutaja akaunti ipi, kiasi gani kwa mwezi, na mwisho wake lini. Prokurasyo ya jumla, isiyotaja mpaka wowote, ndiyo iletayo ugomvi wa urithi. Mzee akifariki, fedha zikaendelea kutolewa, ushahidi umo benki kwenyewe: ni tarehe ya hati ya kutolea fedha iliyo baada ya tarehe ya kifo. Warithi huweza kudai hesabu kwa sababu jina la binti na sahihi yake vimo katika faili.

Mambo yalibadilika kuanzia mwaka 2011, serikali ilipoanza kulipa watumishi wake kupitia akaunti za benki, na mwaka 2012 M-Pesa ilipoingia Kongo. Huduma ya simu hufunguliwa kwa kuandika `*1122#`, na menyu hujitokeza kwa mistari ya maandishi yenye namba. Mistari hiyo husomwa, haisikiki. Na anayekawia kujibu hukatiwa, akaanza upya. Mwenye macho dhaifu, na aliyekomea darasa la pili, wote wawili humpa jirani au mjukuu simu pamoja na namba ya siri.

Hili ndilo badiliko lenye uzito, ijapokuwa aghalabu husifiwa wepesi wa simu tu. Msaidizi hakupungua, alitoweka katika maandishi. Kwa mtambo, aliyetia namba sahihi ndiye mwenye akaunti, na kila shughuli huandikwa kwa jina la mzee. Hakuna shahidi, hakuna kiwango, hakuna tarehe ya mwisho. Mzee akilalamika kwamba fedha zimepungua, huulizwa kwa nini alitoa siri yake, nalo ni swali ambalo karani wa prokurasyo hakuwa na haja ya kuliuliza.

Dalili huonekana mapema kwa anayejua kuzitafuta: ujumbe wa muamala uliofutwa, fedha zilizotolewa saa ambayo mzee hakutoka nyumbani, au salio ambalo msaidizi hulitaja kwa makadirio badala ya kulisoma. Wakala aweza kumsomea mteja salio lake, msaidizi akiwa hayupo. Lakini kumwondoa msaidizi ni kazi nyingine. Prokurasyo hubatilishwa kwa tamko la aliyeitoa. Namba ya siri hubadilishwa katika menyu ileile ya maandishi, na mzee humwomba mjukuu wake amsomee.