Wasahihishaji 53, insha 300 na alama zisizokutana

Matokeo ya mitihani yakitangazwa, hawakosekani wazazi wanaodai karatasi zisahihishwe upya. Malalamiko hayo yana mizizi mirefu. Mwaka 1888, Francis Edgeworth, mchumi wa Uingereza, alionyesha kwamba bahati ina nafasi katika alama za mitihani. Miaka ya 1890 Karl Pearson akaipa hesabu ya uhusiano, r, umbo tunalolitumia hadi leo. Lakini kishindo kilisikika mwaka 1961.

Mwaka huo Paul Diederich na wenzake wawili wa taasisi ya ETS, Princeton, Marekani, walitoa ripoti ya insha 300 za wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni. Wasomaji 53, wakiwemo walimu wa Kiingereza, wanasayansi, wanasheria, wahariri na wafanyabiashara, walizigawa katika madaraja tisa. Kwa makusudi, hawakupewa mwongozo wa usahihishaji. Insha 101 zilipata madaraja yote tisa, na hakuna iliyopata chini ya matano. Wasomaji walipolinganishwa wawili wawili, r ya katikati ilikuwa 0.31 tu.

Diederich hakuishia kulaumu. Alichunguza nani anakubaliana na nani, akakuta makundi matano: wapo waliotazama mawazo, wengine sarufi na tahajia, wengine mpangilio, uteuzi wa maneno, au ladha ya mwandishi. Kila msomaji alikuwa na msimamo wake, ila alipima kitu tofauti na jirani yake. Kwangu mimi, huu ndio ugunduzi mkubwa wa ripoti ile.

Somo hilo limesahauliwa pale tunaporidhika na namba moja. Chukua insha nne. Msahihishaji wa kwanza anatoa 5, 6, 7, 8. Wa pili 3, 4, 5, 6. Hapo r ni 1 kamili, kwa sababu wamezipanga insha sawasawa, lakini asilimia ya makubaliano ni sifuri. Mwanafunzi aliyeangukia kwa wa pili amepoteza alama mbili.

Geuza sasa. Insha kumi: nane zinapata 4 kwa wote wawili. Ya tisa inapata 4 kwa mmoja na 5 kwa mwenzake, ya kumi kinyume chake. Makubaliano ni asilimia 80, yanapendeza machoni, lakini r ni takriban -0.11. Alama zikirundikana mahali pamoja, wasahihishaji hukubaliana hata bila kuzitofautisha insha. Hatari hiyo ndiyo iliyomfanya Jacob Cohen, mwaka 1960, apendekeze kappa, kipimo kinachoondoa makubaliano ya kubahatisha. Katika mfano huu kappa nayo ni -0.11.

Kwa hiyo, mkuu wa jopo akikuambia wasahihishaji wake "wanakubaliana," mwombe vitu vitatu: asilimia ya makubaliano, r, na wastani wa alama za kila mmoja. Kisha omba jedwali lenyewe la alama uone zimerundikana wapi.