Kunyoa kwa ajili ya Idd: kwa nini usingoje mwezi uandame

Kila mwaka mambo ni yale yale. Mwezi ukishatangazwa tu, viti vya saluni vinajaa, watoto wanasinzia kwenye benchi na kinyozi ananyoa mpaka usiku wa manane. Anayefika saa nne usiku anaambiwa mbele yake wapo kumi na watano.

Tatizo kubwa ni tarehe. Ramadhani huwa na siku 29 au 30, na hakuna anayejua mpaka jioni ya siku ya 29. Tanzania Bara wengi husubiri tangazo la Mufti, Zanzibar wana Ofisi ya Mufti wao, na Kenya husikiliza Kadhi Mkuu. Wapo pia wanaofuata mwandamo wa nchi nyingine, hivyo ndani ya familia moja Idd inaweza kuwa siku mbili tofauti. Aliyepanga kunyoa "siku ya 30" anaweza kukuta siku hiyo haipo.

Hesabu ianzie siku ya 29

Njia salama ni kuichukulia Idd kama vile itakuwa siku inayofuata ya 29, kisha kurudi nyuma siku nne. Nywele hukua takriban sentimita moja kwa mwezi. Kwa siku nne zinaongezeka kama milimita moja tu, na kichwa bado kinaonekana kimetoka kunyolewa. Kinachoharibika mapema ni kingo: shingoni, kwenye masikio na laini ya ndevu.

Anayenyoa kipara kwa wembe hesabu hii haimfai, kwa sababu vinyweleo vinaonekana baada ya siku mbili tu.

Mfano wa familia moja

Tuseme siku ya 29 ni Alhamisi. Idd itakuwa Ijumaa au Jumamosi. Baba ana watoto wawili wa kiume.

Jumapili anampigia kinyozi na kuomba nafasi tatu za kesho yake asubuhi. Mfungo unapokaribia kuisha, wateja wengi huja baada ya futari na tarawehe, kwa hiyo asubuhi kuna nafuu. Kunyoa hakufunguzi, hivyo hakuna haja ya kusubiri magharibi.

Jumatatu wanakwenda wote. Watoto wananyolewa kwanza kabla hawajachoka, baba anafuata kichwa na ndevu. Alhamisi, mwezi uonekane usionekane, anasafisha shingo na kingo nyumbani kwa mashine ndogo. Idd ikisogea Jumamosi, hajapoteza kitu.

Vipele vya ndevu

Siku nne zina faida nyingine. Ndevu za kujisokota zikikatwa kwa wembe chini ya usawa wa ngozi, ncha zake hujikunja na kuingia tena ndani. Ngozi inavimba na vipele vinatoka siku chache baadaye. Aliyenyolewa mapema anaona tatizo na kuacha wembe. Wa usiku wa mwisho anakutana navyo akiwa kwenye mapicha ya familia.

Mwenye historia ya vipele aombe mashine inayobakiza kidogo, bila wembe na bila kuvuta ngozi. Vikishatoka, visiminywe wala kunyolewa juu yake, maana ndivyo vinavyoacha madoa meusi.

Wanaopaka ndevu rangi nyeusi nao wajaribu tone dogo nyuma ya sikio au kwenye mkono saa 48 kabla. Pakiwasha au kuvimba, rangi hiyo iachwe kabisa.

Wakilazimika usiku wa mwisho

Hapo kasheshe ni usafi. Foleni ikiwa ndefu, mashine inatoka kichwa kimoja kwenda kingine bila kufutwa, na ndivyo mapunye yanavyohama, hasa kwa watoto. Mteja ana haki ya kuomba meno ya mashine yapigwe brashi na kufutwa kwa spiriti, na wembe mpya ufunguliwe mbele yake. Kinyozi akisema hana muda, bora kumwambia apunguze kingo tu na kichwa kisubiri. Nywele ndefu kidogo siku ya Idd hazimdhuru mtu.

Idd ya kuchinja ni hesabu nyingine

Kwa Idd el-Adha, hadithi inamtaka anayekusudia kuchinja asikate nywele wala kucha tangu Mfungo Tatu uandame mpaka achinje. Wapo wanazuoni wanaoona ni lazima, na wapo wanaoona ni jambo lililopendekezwa tu. Anayefuata hilo, siku yake ya kinyozi ni kabla mwezi haujaandama, yaani siku kumi au zaidi kabla ya Idd. Wiki ya mwisho kwake ni ya kusubiri.